Kati ya Wajibu na Haramu: Jinsi Sheria ya Kiislamu Inavyoyapanga Matendo ya Mtu



Wakati wa likizo iliyopita tulikuwa kwenye utume katika parokia moja ya pwani. Nyumba ya mafrateri pale imepakana na nyumba ya familia ya Kiislamu, na jioni tulizoea kukaa kwenye baraza yao. Kijana wa nyumba hiyo, dereva wa bodaboda, alikuwa amechumbia. Mahari ilikuwa imekubaliwa na alikuwa nayo mkononi. Chumba cha kupanga alikwisha kukipata. Kilichomkosesha usingizi ni sherehe. Wajomba walitaka watu wengi, hema na ng'ombe mzima, na mkopeshaji mmoja wa mtaani alikuwa tayari kumpa fedha kwa riba. Bibi yake akawa anamsukuma kila siku: “Mjukuu wangu, kuoa ni faradhi, usiogope deni.”

Kijana akaenda kumuuliza shehe wa msikiti wao. Aliporudi alitusimulia majibu, na tukiri kwamba mwanzoni hatukuyaelewa. Shehe hakusema “fanya” wala “usifanye.” Aliligawa jambo lake vipande vipande, na kila kipande akakipa hukumu yake. Sisi tulidhani, kama waumini wengi parokiani wanavyodhani, kwamba Uislamu una mafungu mawili tu, halali na haramu. Kumbe mafungu ni matano, na ukiyakosa matatu ya katikati huwezi kumwelewa jirani yako. Ndiyo sababu tumeandika makala hii.

Majina tunayo tayari katika Kiswahili, ila tumeyazoea kwa maana nyingine. Magazeti huandika “wahamiaji haramu,” na hapo neno lina maana ya kuvunja sheria za serikali. Mtu akisema “nina wajibu kwa wazazi wangu” huenda hafikirii sheria ya dini yoyote. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, maneno haya yana mipaka yake. Tendo ni wajibu, au faradhi, ikiwa anayelifanya kwa kumtii Mungu hupata thawabu na anayeliacha bila udhuru hustahili adhabu. Ni sunna ikiwa anayelifanya hupata thawabu na anayeliacha hana dhambi. Mubaha ni lile ambalo kulifanya au kuliacha ni sawa, halina thawabu wala adhabu. Makuruhu ni lile ambalo kuliacha kwa ajili ya Mungu kuna thawabu, lakini kulifanya hakuleti adhabu. Na haramu ni lile ambalo kulifanya kunastahili adhabu, na kuliacha kwa utii kunalipwa. Neno halali, tulilozoea kulilinganisha na haramu, haliko katika orodha hii kwa sababu ni pana mno, maana kila kisicho haramu kinaweza kuitwa halali.

Kwa nini matano, wala si manne au sita? Swali hili linawahusu hasa wenzetu wanaosoma mantiki. Wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria, hawakuyahesabu matendo yaliyoko duniani kisha wakakuta ni ya aina tano. Walianzia kwenye neno la Mungu linaloelekezwa kwa mwanadamu. Neno hilo ama linataka kitu, ama linamwachia mtu hiari. Likitaka, ama linataka tendo lifanywe, ama linataka liachwe. Na katika kila upande, ama linataka kwa mkazo usioacha nafasi, ama bila mkazo huo. Kufanya kwa mkazo ni wajibu, kufanya bila mkazo ni sunna, kuacha kwa mkazo ni haramu, kuacha bila mkazo ni makuruhu, na hiari ni mubaha. Hakuna nafasi ya sita. Mgawanyo huu umekamilika kwa mantiki yake wenyewe, kama ile miraba ya kauli tuliyoichora ubaoni mwaka wa kwanza.

Jambo moja hapa hupotea kwa urahisi. Hukumu huambatana na tendo, na tendo lazima liwe la mtu anayewajibika, anayeitwa mukalafu, yaani aliyebaleghe na mwenye akili timamu. Haiambatani na kitu. Tunaposema “nguruwe ni haramu kwa Waislamu” tunafupisha maneno. Kilicho haramu ni kumla. Ndiyo maana hukumu inaweza kubadilika bila kitu chenyewe kubadilika: mtu aliyekwama mahali pasipo chakula kingine, akihofia kufa kwa njaa, Kurani yenyewe inamwondolea dhambi akila kiasi cha kuokoa maisha (sura ya 2, aya ya 173), na wanazuoni wengi wanasema kwake kula ni wajibu, kwa kuwa kujiacha afe ni haramu. Nyama ni ileile. Mtoto mdogo naye akiila, dhambi haiandikwi juu yake, ingawa mlezi wake anaweza kuulizwa.

Sasa, mwanasheria anajuaje kwamba amri fulani ina mkazo au haina? Kazi kubwa iko hapa, na pengine hapa ndipo sisi wanafunzi wa falsafa tunapopata cha kujifunza. Tuchukue mfano mmoja wa deni, kwa kuwa deni ndilo lililomsumbua kijana wetu. Katika sura ya pili ya Kurani, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote, waumini wanaamriwa waandike deni wanapokopeshana kwa muda maalumu, na kuwe na mashahidi. Kitenzi ni cha amri, wazi kabisa. Kanuni ya wanausuli wengi inasema kwamba amri kwa asili yake inaleta wajibu, mpaka ipatikane dalili ya kuigeuza. Kwa kanuni hiyo peke yake, kila anayekopesha bila maandishi ni mkosaji.

Lakini wengi wao wakasoma aya inayofuata, ya 283. Inasema kwamba watu wakiaminiana, basi aliyeaminiwa arudishe amana yake. Wakasema: kama kuaminiana bila maandishi kunaruhusiwa, basi ile amri ya kuandika haikuwa na mkazo wa kufunga mlango. Ni mwongozo mwema wa kulinda mali. Kwa hiyo kuandika deni ni sunna. Ibn Hazm wa Andalusia, mtu wa madhehebu ya Dhahiri yaliyoshika maana ya wazi ya maneno, hakukubali, na kwake kuandika ni wajibu. Maandiko ni yaleyale kwa wote, kila upande unayaheshimu, na hukumu zinatofautiana kwa sababu wamepima tofauti uzito wa dalili. Zipo hata amri ambazo wote wanakubali kwamba maana yake ni ruhusa tu. Baada ya mahujaji kuzuiwa kuwinda wakiwa katika ihramu, wanaambiwa wawinde watakapotoka (sura ya 5, aya ya 2). Hakuna anayesema kila hujaji akitoka ihramu anapaswa kushika upinde. Amri inayokuja baada ya katazo, hapa, inarudisha tu hiari iliyokuwapo.

Turudi barazani. Bibi alisema kuoa ni faradhi. Shehe alimjibu kijana kwamba kuoa hakuna hukumu moja kwa watu wote. Pwani ya Afrika Mashariki wengi wa Waislamu Waswahili hufuata madhehebu ya Shafii, na kitabu kimojawapo kinachosomwa sana katika madhehebu hayo ni Minhaji ya Imamu Nawawi, mwanazuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277. Nawawi anawapanga watu kwa maswali mawili: je, ana haja ya kuoa, yaani nafsi yake inataka? Na je, ana uwezo? Mwenye vyote viwili, kuoa kwake ni sunna. Mwenye haja lakini hana uwezo, bora asubiri, na avunje nguvu ya matamanio kwa kufunga saumu, kama Mtume alivyowashauri vijana. Asiye na haja wala uwezo, kuoa kwake ni makuruhu, kwa sababu anajitwika mzigo asiouhitaji na asioweza kuubeba. Asiye na haja lakini ana uwezo, kuoa si makuruhu, ila kwake kujitoa katika ibada ni bora zaidi. Halafu Nawawi anaongeza jambo lililotufanya tucheke: ikiwa mtu huyo kwa kweli hafanyi ibada, basi ni afadhali aoe.

Wanazuoni wa madhehebu mengine waliendeleza orodha hadi mafungu yote matano yakapata mfano katika ndoa hiyo hiyo. Mwenye uwezo na anayejua kwamba asipooa ataanguka katika zinaa, kuoa kwake ni wajibu. Na anayejua kwa yakini kwamba atamdhulumu mke na kumnyima haki zake, kuoa kwake ni haramu. Waumini wanaotuuliza kila Jumapili kama ni kweli kila Mwislamu analazimishwa kuoa wamepata jibu lao. Watashangaa zaidi wakijua kwamba Nawawi mwenyewe hakuoa. Aliishi miaka kama arobaini na minne, akisoma na kuandika, na hakuna Mshafii anayesema alitenda dhambi.

Uwezo unaotajwa hapa ni kiasi gani? Wafafanuzi wa Kishafii wanautaja kwa kiasi kidogo kuliko tulivyotarajia: mahari, mavazi ya mke ya msimu ule, na matumizi ya siku ile. Hema halimo. Ng'ombe hayumo.

Kwa hiyo shehe alimwambia kijana hivi, kama alivyotusimulia. Una haja, na una uwezo, basi kuoa kwako ni sunna. Bibi anakutakia mema, lakini neno “faradhi” si lake hapa. Mahari ni wajibu kwako kwa sababu ni haki ya mke, wala huwezi kuitoa mahali pake ukaweka sherehe. Karamu ya ndoa, iitwayo walima, ni sunna. Riba ni haramu, kuila na kuilipa. Sasa jiulize, unavunja haramu ili upate sunna?

Swali hilo ndilo lililotufundisha kwamba mafungu haya si maboksi ya kutunzia majina. Ni mizani. Mambo mawili yanapogongana, unatazama yako katika daraja gani. Sunna haiwezi kununuliwa kwa haramu. Ingekuwa wajibu kimegongana na haramu, kama katika mfano wa mwenye njaa, ingebidi kupima kwa makini zaidi. Hapa hapakuwa na cha kupima.

Shehe akaongeza kwamba walima hauna kiwango. Zipo hadithi kwamba Mtume alipomwoa Safiya chakula kilikuwa tende, samli na maziwa yaliyogandishwa yakakauka, bila nyama wala mkate. Sahaba mmoja tajiri aliambiwa afanye walima hata kwa kondoo mmoja, na wanasheria wakaelewa kwamba mwenye nafasi ni vizuri asipungue hapo, lakini chakula chochote kinatosha. Kama ni pilau au wali wa nazi, hilo ni mubaha, na wajomba wanaweza kubishana wapendavyo.

Kuna kioja kimoja katika walima ambacho tulimwomba kijana arudi kuuliza tena, tukidhani amesikia vibaya. Kufanya walima ni sunna, lakini kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, kuuitikia ukialikwa ni wajibu. Anayealika ana hiari kuliko anayealikwa! Ukifikiri kidogo unaona sababu. Asiyefanya karamu hajamuumiza mtu. Anayekataa kuhudhuria bila udhuru amemvunjia heshima aliyemkaribisha. Wajibu huo una masharti. Mmojawapo ni kwamba mwenye karamu asiwe amewachagua matajiri na kuwaacha maskini kwa sababu ya umaskini wao. Akifanya hivyo, wajibu wa kuitikia unaondoka. Na kama pale kuna jambo la haramu ambalo mgeni hawezi kulizuia, unaondoka pia. Yaani tendo lilelile, kwenda arusini, linaanza kuwa wajibu na laweza kuishia kuwa haramu, kutegemea kinachofanyika ndani ya hema.

Tuseme pia kidogo kuhusu tofauti za madhehebu, ili msomaji akisikia namba nyingine asidhani tumemdanganya. Wahanafi hutenganisha faradhi na wajibu. Faradhi ni lile ambalo dalili yake ni ya yakini kabisa, na wajibu ni lile ambalo dalili yake ni ya nguvu lakini haijafika yakini. Sala ya witri, inayosaliwa usiku baada ya isha, kwao ni wajibu, na kwa Washafii ni sunna. Makuruhu nayo wanaigawa, moja ikikaribia haramu na nyingine ikikaribia ruhusa. Kwa hesabu yao mafungu yanafika saba. Na Washafii ndani ya faradhi wana mgawanyo ambao kila aliyewahi kuhudhuria maziko ya Kiislamu ameuona hata bila kuujua: kumwosha maiti, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni faradhi kifaya. Wakitosha watu kadhaa kuifanya kazi hiyo, wengine wote wameondokewa. Asipojitokeza hata mmoja, jamii nzima iliyojua ina dhambi. Sala tano za siku ni faradhi aini, kila mtu kwa nafsi yake, na hakuna anayeweza kukusalia.

Fungu lililotuletea ubishi mkali darasani tuliporudi seminarini ni mubaha. Al-Kaabi, mwanateolojia wa Mutazila aliyefariki mwaka 931, alidai kwamba mubaha haipo kabisa. Hoja yake ni fupi. Mtu anayekunywa maji, kwa muda huo ameacha kuiba, kusengenya na kuua. Kuacha haramu ni wajibu. Kisichoweza kutimiza wajibu ila kwacho, nacho ni wajibu. Kwa hiyo kunywa maji ni wajibu. Mwenzetu mmoja aliishika hoja hiyo siku mbili nzima, akituambia kila tukikaa mezani kwamba tunatimiza faradhi.

Wanausuli walimjibu al-Kaabi kwamba kuacha haramu hakuhitaji tendo hili mahususi. Unaweza kuacha kuiba ukiwa umelala, umekaa, au unatembea. Kinachotakiwa ni kuacha, na njia ni nyingi, hivyo hakuna njia moja inayogeuka kuwa wajibu kwa nafsi yake. Tena, kwa hoja ileile, anayesengenya ameacha kuua, na usengenyaji ungekuwa wajibu. Hapo mwenzetu alinyamaza.

Tulipofungua Mtakatifu Tomaso wa Akwino tulimkuta anahangaika na jambo linalokaribiana na hilo. Kwake yako matendo ambayo kwa aina yake si mema wala mabaya, kama kuokota unyasi chini au kwenda shambani. Lakini tendo likishatendwa na mtu huyu, kwa makusudi haya, kwa kufikiri, haliwezi kubaki katikati. Ama linaelekea lengo jema, ama halielekei. Inafanana na al-Kaabi kwa mbali, ila njia ni nyingine, maana Tomaso anatazama kusudi la mtendaji, naye al-Kaabi anatazama kile ambacho tendo limekizuia. Nao wanazuoni wa Kiislamu hawakukosa kuliona suala la kusudi. Wanasema kwamba mubaha ukifanywa kwa nia ya kupata nguvu za ibada, kama kulala mchana ili uamke usiku kusali, mtu hulipwa kwa nia yake. Kulala kwenyewe kumebaki mubaha.

Na sunna? Wapo waumini watakaoifananisha na mashauri ya Injili, tunayoyatofautisha na amri. Mfano huo unasaidia hadi mahali fulani, kwa sababu pande zote mbili zinakubali kwamba kuna wema ambao kuuacha si dhambi. Lakini mashauri ya Injili, kama useja tunaojiandalia, ni mtindo wa maisha ambao mtu huitwa na kuujibu kwa nadhiri au ahadi. Sunna nyingi ni vitendo vidogo vya kila siku, na humhusu kila Mwislamu: rakaa mbili kabla ya alfajiri, kupiga mswaki kabla ya sala, kuanza salamu. Hata salamu ina kioja kama cha walima, kwani kuianza ni sunna na kuijibu ni wajibu.

Kijana alioa mwezi uliofuata, bila mkopo. Mjomba mmoja alinuna na hakuja, na bibi alikuja mapema kuliko wote. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya sala ya alasiri, kisha tukakaa kwenye mikeka uani, watu kama arobaini, majirani wa pande zote mbili za ukuta, pamoja na wazee wawili ombaomba wa sokoni ambao kijana aliwafuata mwenyewe kwa bodaboda. Wajibu wa kuitikia mwaliko haukutuhusu sisi mafrateri. Tulikwenda kwa ujirani, na pilau tulirudia mara mbili.